Kabla ya kuiweka gridi kwenye modeli ya kiwanda kipya: omba namba mbili za shoti

Shirika la umeme likikupa namba moja ya kiwango cha shoti, usianze hesabu bado. Omba na ya pili. Inayotolewa upesi mara nyingi ni ya juu, mashine na laini zote zikiwa kazini. Ya chini ni ya saa ambazo mashine chache zinazunguka na laini moja imezimwa kwa matengenezo. Uliza pia ni ya mwaka gani, maana gridi hukua na breka utakazonunua leo zitakaa miaka mingi.

Tuseme kiwanda cha kusaga klinka kitaungwa kwenye 33 kV, na umepewa 500 MVA kwa juu na 180 MVA kwa chini. Gridi nzima unaiweka kama chanzo cha volteji kilicho nyuma ya impidansi moja, Z, ambapo U ni volteji kwa kV na S ni kiwango cha shoti kwa MVA:

```
Z = U² / S
33² / 500 = 2.18 Ω
33² / 180 = 6.05 Ω
```

Ya kwanza ndiyo ya kuchagulia breka, kwa kuwa hapo mkondo wa shoti ni mkubwa: 8.75 kA. Ya pili ndiyo ya kuwashia mota. Mota ya kinu ikivuta 15 MVA inapoanza, volteji kwenye 33 kV hushuka kama asilimia 3 gridi ikiwa na nguvu, na karibu asilimia 8 ikiwa dhaifu. Kama mkataba unaruhusu 5, aliyetumia namba ya juu peke yake ataona kila kitu kiko sawa, kisha taa za majirani zitafifia kila kinu kinapowashwa usiku.

Omba na uwiano wa X/R, yaani riaktansi ya gridi kwa rezistansi yake, kwa sababu ndio unaoamua kilele cha kwanza cha mkondo wa shoti. Ukikosekana kabisa, IEC 60909 inaruhusu kuchukua R = 0.1 X, lakini kwenye laini ndefu ya msambazo R halisi huwa kubwa zaidi ya hapo. Kama utakuwa na nyaya zako za 33 kV, omba pia shoti ya fezi moja kwenda ardhini. Huwezi kuipata kutokana na ile ya fezi tatu.

Kabla ya kuunganisha mota hata moja, piga shoti kwenye modeli pale pale utakapojiunga. Irudi 500 MVA. Ikirudi 550, kigezo cha volteji cha 1.1 kimeingia kwenye chanzo bila kuingia kwenye impidansi: IEC 60909 hiyo hiyo inataka Z ya 2.40 Ω. Mimi huanza na jaribio hili kila mara.

Na kama kiwanda kitakuwa na benki ya kapasita, impidansi hii moja haitoshi kwa hesabu za hamoniki, kwa kuwa inaijua gridi kwenye 50 Hz tu. Hapo omba impidansi ya gridi kwa kila frikwensi.