Somo: Mtamba anazaa usiku, ni wakati gani umwite bwana mifugo

Tuko Rungwe, tunafugia bandani. Usiku mtamba wetu anazaa mimi nilikuwa msibani, nyumbani amebaki binti yangu wa miaka 15 na bibi yake. Naeleza hatua kama alivyozifuata.

Hatua ya 1: shika saa. Chupa ya maji ilichungulia saa 4:20 usiku, binti akaiandika saa hiyo kwa mkaa ukutani mwa banda. Njia ya mtamba bado nyembamba, kwa hiyo mpe saa moja tangu chupa itokeze. Ila akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kinachosogea, usingoje saa iishe.

Hatua ya 2: tazama kinachotoka. Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, nyayo zikitazama chini, pua imelala juu yake. Saa 4:55 ulitoka mguu mmoja tu.

Hatua ya 3: pima kwa mkono. Alikata kucha, akanawa hadi begani kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akamsafisha na mtamba. Ndani akagusa pua, akaubana ulimi kidogo, ukajivuta: ndama yu hai. Mguu wa pili haukuwepo. Alichokuta ni goti, limekunjwa na kukwama kwenye nyonga.

Bibi alishatoa kamba. "Mjukuu wangu, niite majirani tuvute."

"Hapana bibi, goti limejikunja. Tukivuta tutamchana."

Hatua ya 4: piga simu, na useme ulichokiona. Saa 5:05 alimwambia bwana mifugo: ni mtamba, chupa saa 4:20, mguu mmoja, goti limekunjwa, ndama hai. Akaambiwa amsimamishe mtamba, asivute chochote.

Bwana mifugo alipofika alimsukuma ndama kwanza arudi ndani apate nafasi, akaifumbata kwato kiganjani isikwaruze kizazi, akaunyoosha mguu. Ndipo kamba ikafungwa juu ya vifundo, wakavuta pale tu mtamba aliposukuma, wakielekeza chini. Saa 6:40 ndama jike akaangukia nyasi kavu. Binti akamfuta ute puani, akamchokoa pua kwa unyasi hadi akapiga chafya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mama, nyayo zikitazama juu je?
Jibu: Mara nyingi hiyo ni miguu ya nyuma. Papasa viungo: kifundo na kinachofuata vikikunjika upande mmoja, ni mguu wa mbele, vikipingana, ni wa nyuma. Wa nyuma piga simu hapo hapo, maana kitovu hubanwa kichwa kikiwa bado ndani.

Swali: Kondo la nyuma lisipotoka, nifunge jiwe lilivute?
Jibu: Usifunge, ndugu yangu, wala usilivute. Huwa linatoka ndani ya saa 12. Likipita saa 24, au akipata homa na kuacha kula hata kabla ya hapo, mwite bwana mifugo. Letu lilidondoka alfajiri, binti akalizika mbali na mbwa.