Somo: Kamisheni ya mwanablogu ihesabiwe juu ya fedha ipi, na ithibitishwe lini

Ninaandika somo hili kwa sababu wenye maduka wa hapa Tanga wananiuliza jambo hili moja kila mara, yaani mwanablogu anayewaletea wateja kwa linki yake apewe kamisheni ya fedha ipi na lini, na ni afadhali jibu likae mahali pamoja. Mfano wangu ni duka linalouza iliki, mdalasini na pilipili manga za Amani, ambalo hupokea oda kwa WhatsApp na kulipwa kwa simu.

Hatua ya 1. Mpe kila mwanablogu msimbo wake mmoja, mfupi, usiobadilika.

Hatua ya 2. Uingize msimbo huo ndani ya ujumbe wa oda. Linki ya kawaida ya kamisheni huacha kuki, yaani alama ndogo ya kukumbuka nani amemleta, kwenye kivinjari cha mteja, lakini mteja wetu akishaona bei huhamia WhatsApp, na kuki haimfuati huko. Linki iwe hivi, ili ujumbe umfungukie ukiwa tayari na msimbo:

```
https://wa.me/NAMBA_YA_DUKA?text=Naagiza%20iliki.%20Msimbo:%20MPISHI7
```

Anayepokea oda auandike msimbo kwenye daftari la mauzo saa ileile, asingoje jioni.

Hatua ya 3. Hesabu asilimia juu ya bei ya bidhaa baada ya punguzo, bila nauli ya mzigo. Mteja wa Dodoma amechukua viungo vya shilingi 60,000, amepunguziwa 5,000, na nauli ya basi ni 8,000, hivyo analipa 63,000. Kamisheni ya asilimia 10 ni 5,500, yaani sehemu ya 55,000, kwa kuwa nauli ni ya mwenye basi. Kabla ya kutangaza asilimia hiyo, angalia faida yako: ikiwa viungo hivyo ulivinunua kwa 38,000, umebakiwa na 17,000, na kamisheni inachukua karibu theluthi yake.

Hatua ya 4. Hapa ndipo panapoharibika. Kamisheni iandikwe "inasubiri" oda inapoingia, na igeuzwe kuwa "imethibitishwa" pale tu mteja atakapokuwa amelipa na muda wa kurudisha bidhaa umekwisha. Duka moja nililolisaidia lilikuwa likilipa siku ileile ya oda. Mwanablogu mmoja akaleta oda nyingi za kulipia mzigo ukifika. Mizigo ikapelekwa Korogwe na Lushoto, wapokeaji wakakataa au hawakupatikana kwenye simu, nauli ya kwenda na kurudi ikabaki juu ya duka, na kamisheni ilikwishatoka. Dalili ilikuwa ikionekana daftarini tangu mapema, kwani kwa kila msimbo unaweza kulinganisha oda zilizoandikwa na zilizolipwa, na msimbo ambao pengo lake linazidi mno la wengine ndio wa kuchunguzwa.

Tahadhari nyingine ni bidhaa inayorudishwa nusunusu. Mteja wa Dodoma akirudisha pakiti ya 15,000, usimrejeshee 15,000 nzima, kwa sababu pakiti hiyo nayo ilibeba fungu lake la punguzo, ambalo ni 1,250. Anarejeshewa 13,750, msingi wa kuhesabia kamisheni unabaki 41,250, na kamisheni inakuwa 4,125.

Hatua ya 5. Lipa mara moja kwa mwezi, ukiambatanisha orodha ya oda.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Ngamiani: Mkuu, siwezi kulipa mara tu oda inapoingia, ili wanablogu wasikate tamaa?

Mwandishi: Rudia Hatua ya 4, ndugu yangu. Waonyeshe kamisheni inayosubiri ili wajue ipo, lakini usiitoe.

Mama Iliki: Shikamoo mwalimu. Mteja akisoma kwa mwanablogu mmoja leo, akaagiza wiki ijayo kupitia linki ya mwingine, nani analipwa?

Mwandishi: Marahaba, mama, umeuliza jambo la msingi. Utaratibu ulioenea ni kumlipa mwenye linki ya mwisho, kwa sababu ndio ulio rahisi kuthibitisha: msimbo uliomo kwenye ujumbe wa oda ndio wenye haki. Udhaifu wake ni kwamba anayeeleza kwa kina namna ya kupika pilau anaweza kunyang'anywa na anayetangaza punguzo tu. Ukiona hivyo, mpe mtangaza punguzo asilimia ndogo zaidi, kwa kuwa duka limekwisha kubeba punguzo lenyewe, na uliandike katika makubaliano kabla ya oda ya kwanza.

Mdau wa Chumbageni: Mwanablogu akijinunulia kwa linki yake mwenyewe?

Mwandishi: Hapati kamisheni. Linganisha namba ya simu iliyolipia na ile anayolipwa yeye.

Mama Iliki: Ahsante sana. Nami nachangia: mimi hulipa kamisheni ikifika 20,000, na isiyofika huisogeza mwezi unaofuata, maana makato ya kutuma na kutoa yanakula fedha ndogo.

Mwandishi: Ni sahihi, mama. Ila anayeacha kushirikiana nawe mlipe salio lake lote lililothibitishwa, hata likiwa 4,125.