Kujaza fomu ya ugenini kwa kamera ya simu, na kuelewana na karani

Programu kama Google Tafsiri inaweza kukusomea fomu ya lugha usiyoijua, lakini matatizo mengi hutokea pale mtu anapoelekeza kamera, anasoma haraka na kuanza kuandika. Utaratibu ufuatao unachukua muda kidogo zaidi, ila unapunguza safari za kurudishwa dirishani.

1. Pakua lugha kabla ya kutoka nyumbani

Kwenye orodha ya lugha, gusa alama ya kupakua kando ya Kiswahili na kando ya lugha ya nchi uliyopo. Ofisi nyingine mtandao haushiki kabisa. Tafsiri isiyotumia mtandao huwa dhaifu, hasa kwa sentensi ndefu, kwa hiyo iwe ni akiba tu.

2. Piga picha, usitegemee kamera inayotafsiri papo hapo

Ukiielekeza kamera tu, maneno yatakuwa yakibadilika kila mkono unapotikisika, na tafsiri itabandikwa juu ya maandishi yenyewe hadi kufunika visanduku vya kuweka alama. Picha hutulia. Laza fomu mezani, simu iwe sambamba na karatasi na kivuli chako kisianguke juu yake. Usichukue ukurasa mzima kwa mara moja. Ugawe vipande vitatu hivi ili herufi ndogo zionekane.

Fomu ikiwa na safu mbili, piga kila safu peke yake. Usipofanya hivyo, programu inaweza kuunganisha mstari wa kushoto na wa kulia ukapata sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Mwandiko wa mkono nao husomwa vibaya mara nyingi. Mwombe aliyeuandika akusomee au auchape.

3. Weka namba kando ya kila nafasi ya kujaza, kisha zihakiki moja moja

Toa nakala ya fomu, andika namba kwa penseli kando ya kila nafasi, na kwenye daftari andika maana ya kila namba. Fomu halisi usiiguse bado.

Tuseme nafasi ya 6 imetafsiriwa "Moja", na baada yake kuna "Kuolewa", "Mjane" na "Talaka". Hiyo "Moja" ni "asiye na ndoa". Tafsiri za lugha nyingi hupitia Kiingereza kabla ya kufika kwenye Kiswahili, na Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili. Ukikuta neno lisiloingia akilini, angalia majirani zake kwanza. Bado halieleweki? Liguse kwenye picha, linakili, ulibandike kwenye ukurasa wa maandishi pamoja na mstari mzima lilimotoka. Chini ya orodha kama hiyo huwa kuna maelekezo madogo: weka alama, au kata yasiyohusika. Yasome hayo kabla ya kushika kalamu, maana kuweka alama palipotakiwa kukata kunageuza jibu lako.

Majina na anwani usiyapitishe kwenye programu hata kidogo. Neema, Baraka au Rehema linaweza kutafsiriwa kama neno la kawaida. Nakili herufi kwa herufi kutoka kwenye pasipoti. Kwenye tarehe, tafuta mpangilio uliochapwa: 03/04 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi.

4. Mazungumzo dirishani

Fungua sehemu ya mazungumzo na umwonyeshe karani skrini kabla hujaanza, ajue zamu yake ya kuongea. Sema wazo moja kwa sentensi moja, nyamaza, kisha soma maandishi yako ya Kiswahili yaliyotokea. Kama simu imekusikia vibaya, tafsiri haiwezi kuwa sahihi. Rudia kabla hajajibu.

Mawili yanawaponza sana Waswahili. La kwanza ni saa. Ukisema "miadi yangu ni saa mbili asubuhi", upande wa pili unaweza kutokea usiku wa manane, kwa sababu programu imehesabu mbili badala ya nane. Muda wowote uandike kwa tarakimu, 08:00, pamoja na tarehe, umwonyeshe. Naye akikutajia muda, mpe karatasi auandike.

La pili ni "yeye". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke hapo, kwa hiyo programu hukisia. Ukisema "anahitaji chanjo", binti yako anaweza kugeuka mvulana, na karani ataona maelezo hayalingani na cheti. Taja "binti yangu" katika kila sentensi, hata ikichosha masikio.

Jibu muhimu lihakiki kwa kuligeuza: andika ulichoelewa kwa Kiswahili, litafsiri kwenda lugha yake, umwonyeshe akubali au akatae.

5. Kabla ya sahihi

Mkataba, tamko la kisheria na idhini ya matibabu usivitie sahihi kwa kutegemea simu. Sentensi zenye "isipokuwa" na kukanusha mara mbili ndizo zinazogeuka maana, na kwenye skrini zitaonekana sanifu tu. Omba mkalimani au nakala ya lugha unayoisoma. Wakikuharakisha, omba kuondoka na karatasi hiyo uisomeshe kwanza.