Kutafsiri hotuba ya kocha bila kupoteza mapigo yake

Hotuba ya kabla ya mechi ikiwa na kauli inayorudiwa, chagua kwanza nomino ambazo zitabeba urudiaji huo, kwa sababu upatanisho wa kisarufi unaweza kuuvunja. Tuseme kocha anasema kwa Kiingereza kwamba uwanja ni wao, saa ni yao na mpira ni wao, akianza kila sentensi kwa maneno yale yale. Ukiandika "Hiki ni kiwanja chetu, hii ni saa yetu, huu ni mpira wetu", mapigo yamepotea, ingawa maana imebaki. Andika badala yake: "Huu ni uwanja wetu! Huu ni wakati wetu! Huu ni mpira wetu!" Hapo mwanzo na mwisho wa kila sentensi vinagonga pamoja.

Vitenzi ni rahisi zaidi, kwa kuwa viambishi hurudia vyenyewe, kama katika "Hatuchoki! Hatuogopi! Hatuombi sare!", mradi uweke mwisho kauli iliyo nzito na ndefu kuliko zote ili hotuba ipande.

Kiitikio cha wachezaji kisitafsiriwe neno kwa neno, tafuta msemo uliokwisha kuzoeleka vinywani mwa watu na unaogawanyika sehemu mbili, mwito na jibu, kwa mfano nahodha aseme "Leo ni leo!" na timu ijibu "Asemaye kesho ni mwongo!" Kisha soma yote kwa sauti huku ukipiga makofi, na pale mkono unapokwama, punguza silabi.