Anwani zisizolingana pekee zisikufanye uzuie mzigo

Kama duka lako la mtandaoni huzipa oda alama za hatari, anwani ya bili kutofautiana na ya kupelekea mzigo isiwe sababu tosha ya kuzuia oda. Watu hununuliana zawadi, na wengine hupokelea mizigo kazini. Ipe tofauti hiyo alama 15, tuseme, na kikomo cha kusimamisha kiwe 50.

Kinachotisha ni mkusanyiko. Chukua oda ya simu mbili za bei ghali kwa usafirishaji wa haraka (10), anwani hazilingani (15), akaunti imefunguliwa leo (10), na kadi tatu zimekataliwa kabla ya ya nne kukubaliwa (30). Jumla 65, simamisha. Hizo kadi zilizokataliwa ndizo nzito kuliko yote, maana mwenye kadi yake halali hahangaiki na nne mfululizo.

Kusimamisha si kufuta. Pesa zibaki zimezuiliwa kwenye kadi bila kuzichukua, kisha wasiliana na mteja siku hiyohiyo, kwa sababu idhini ya kadi huisha muda baada ya siku chache. Asipopatikana, futa oda na uachilie pesa.

Halafu kuna mwanya ambao wengi huusahau: oda inapita safi, kisha mteja anaomba kubadilisha anwani. Hapo ihesabu upya kabla mzigo haujatoka, na umkataze msafirishaji kubadilisha anwani njiani bila idhini yako.