Somo: Kujiuzulu udhamini wa ardhi ya ukoo na kukabidhi hesabu

Swali hili naulizwa kila wiki. Anayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Soma hati ya udhamini au katiba ya kamati: barua anapewa nani, notisi ni ya muda gani, na wadhamini hawatakiwi kupungua wangapi.

2. Andika barua yenye tarehe ya kuondoka. Aliyeipokea asaini nakala yako.

3. Funga hesabu mpaka tarehe hiyo. Hapa ndipo nilipoharibu. Daftari langu lilianza na salio la 120,000, yakaingia 340,000 ya kodi ya mashamba, yakatoka 275,000. Salio likawa 185,000, nikakabidhi daftari nikaondoka. Siku ileile benki ilionyesha 210,000, kwa sababu hundi ya mpima ardhi ya 25,000 ilikuwa bado haijapelekwa benki. Ilipolipwa miezi miwili baadaye, ikiwa na saini yangu, ukoo ukaona fedha zimetolewa na mtu aliyekwisha kujiuzulu. Baba mdogo hakunisalimia mwaka mzima. Kwa hiyo andika karatasi moja: salio la benki, toa hundi zilizo njiani kwa namba na jina la mlipwaji, ongeza fedha ambazo hazijapelekwa benki. Jibu lisipolingana na daftari, usikabidhi, tafuta tofauti. Ambatisha taarifa ya benki ya siku hiyo.

4. Orodhesha maamuzi ambayo hayajatekelezwa, kila moja na tarehe ya kikao chake.

5. Kabidhi nyaraka kwa orodha, mkisaini wote wawili mbele ya shahidi. Kisha fuatilia jina lako liondolewe benki na kwenye hatimiliki. Barua peke yake hailiondoi.

Maswali

— Nikishatuma barua, si nimemaliza?
Soma namba 3 mpaka 5.

— Mimi nilitoka kwa ujumbe wa simu na hakuna aliyelalamika.
Hawajalalamika bado. Uliyoyasaini ukiwa mdhamini utaendelea kuulizwa wewe. Kama benki bado wana saini yako, kaishughulikie kesho.

— Samahani kaka, kuna jambo tuliamua kwa mdomo: binamu alime kipande cha chini misimu miwili. Niliandikeje sasa?
Umeuliza vizuri, dada. Usitunge muhtasari wenye tarehe ya zamani. Ukigundulika, hata mihtasari ya kweli haitaaminika. Andika maelezo yenye tarehe ya leo: nani walikuwepo, mlikubaliana nini, msimu upi ni wa mwisho. Yasomwe kwenye kikao kijacho, waliokuwepo wathibitishe au wakosoe, na yaingie kwenye muhtasari wa kikao hicho. Binamu mwenyewe awepo, maana kipande cha msimu kikikosa maandishi, huja kudaiwa kuwa urithi.

— Nyongeza: risiti za mashine hufutika maandishi. Mimi nilikuta bahasha nzima nyeupe.
Kweli kabisa. Zitoleeni nakala mapema, na nyuma ya kila nakala andikeni namba ya mstari wake kwenye daftari.