Kabari kwenye chati: uliza kwanza bei imetoka wapi

Kabari ya mpasua kuni ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kwenye chati ni hivyo hivyo: mistari miwili inaelekea upande mmoja huku ikizidi kukaribiana. Yote miwili ikipanda, ni kabari inayopanda. Yote ikishuka, ni kabari inayoshuka. Mmoja ukipanda na mwingine ukashuka, hiyo ni pembetatu, na si habari ya leo.

Nitachukua inayopanda, kwa dhahabu (XAUUSD) kwenye chati ya H4. Bei ni za kubuni, lakini hesabu zake ndizo ninazopiga kila siku.

Hatua ya 1: Sogeza chati nyuma kabla ya kuchora chochote

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Unaona kabari, unakimbilia kuuza, hujui hata bei ilikuwa wapi juzi. Kabari inayopanda mara nyingi huvunjikia chini, lakini kuvunjika huko hakuna maana moja. Ikitokea baada ya bei kupanda kwa muda mrefu, inasema wanunuzi wanachoka: kila kilele kipya kinazidi cha nyuma kwa kidogo tu. Huko unatarajia mwelekeo ugeuke, jambo gumu, kwa sababu unapingana na mwendo ambao bado haujafa.

Ikitokea baada ya bei kuanguka, ni pumziko. Wauzaji wamevuna faida, bei inajikongoja kwenda juu bila nguvu, kisha safari ya chini inaendelea. Umbo ni lile lile, ila sasa unauza ukiwa upande wa mwelekeo.

Katika mfano wetu, dhahabu ilianguka kutoka 2400 hadi 2300. Kwa hiyo tunatafuta pumziko.

Hatua ya 2: Chora

Mabonde: 2300, 2315, 2330. Vilele: 2330, 2338, 2346. Ona tofauti: mabonde yanapanda kwa dola 15 kila mara, vilele kwa 8 tu. Ndiyo maana mistari inabanana. Nataka kila mstari uguswe angalau mara mbili, na mmoja wao mara tatu. Ukilazimika kukata miili ya mishumaa ili mistari ikae vizuri, achana nayo.

Pima pia bei imerudi kiasi gani. Kutoka 2300 hadi 2346 ni dola 46 kati ya 100 zilizopotea. Hilo bado ni pumziko. Ingekuwa imerudi 85, nisingethubutu kuliita hivyo.

Hatua ya 3: Subiri mshumaa ufunge

Utambi kuchungulia chini ya mstari hautoshi. Tuseme mstari wa chini umefika 2342 na mshumaa wa H4 umefunga 2337. Hapo nauza.

Hatua ya 4: Weka S/L mahali wazo linapokufa

Usiweke S/L juu kidogo tu ya mstari uliovunjwa. Bei hupenda kurudi kuugusa kabla ya kushuka, na isitoshe mstari ni kazi ya mkono wako: mimi na wewe tukichora, tutapishana kwa dola mbili tatu. Kilele hakina ubishi. Cha mwisho ni 2346. Bei ikikipita, vilele bado vinapanda na hadithi ya wanunuzi kuchoka imekwisha.

Lakini S/L haikai 2346 kamili. Kwenye MetaTrader chati huonyesha bei ya Bid, ilhali oda ya kuuza hufungwa kwa Ask, iliyo juu zaidi kwa kiasi cha spredi. Niliwahi kutolewa sokoni huku chati ikionyesha kilele hakijaguswa. Nikamlaumu broka wiki nzima kabla ya kuelewa. Naweka 2349.

Hatari basi ni dola 12 kwa wakia. Kwa mabroka wengi loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo akaunti ya dola 600 inahatarisha asilimia 2.

Hatua ya 5: Lengo

Lengo la kwanza ni mwanzo wa kabari, 2300: dola 37, takriban mara tatu ya hatari. Kwa kuwa hili ni pumziko, naacha sehemu ya oda iendelee chini ya hapo, mradi nilifungua loti inayogawanyika, 0.01 kwa kawaida haigawanyiki. Ingekuwa kabari ya kugeuza mwelekeo, ningefunga yote mwanzoni mwa kabari.

Ishara ya mapema kwamba mambo yameharibika: mshumaa wa H4 kufunga tena ndani ya kabari. S/L haijaguswa, lakini mimi hupunguza oda nusu, au nikatoka kabisa kama loti ni 0.01.

Kabari inayoshuka, pindua yote: baada ya kupanda ni pumziko la wanunuzi, baada ya kuanguka sana ni wauzaji kuchoka, na wazo hufa chini ya bonde la mwisho. Kwa kuwa oda ya kununua hufungwa kwa Bid, ile ile unayoiona kwenye chati, spredi haikuvizii kwenye S/L.